Fundi Anayesubiri Maji Yarudi

Chombo chake cha kupimia ni kopo la nyanya. Amelijaza zege na kuacha kijishimo cha nusu kidole mdomoni, akapitisha waya kitakoni na kulifunga kichwa chini kwenye ncha ya futi kamba ya mita 30. Analiteremsha kisimani polepole, shingo kaiinamisha, jicho haliangalii kitu. Anasikiliza. Kile kijishimo kikigusa maji, hewa iliyonaswa ndani yake hulia "po!" kama mtu aliyepiga kofi shavu lililovimba. Anainua kopo kidogo, anashusha tena, po, anainua, po, mpaka ajue ni sentimita ipi hasa sauti inapotokea. Kisha anabana futi kwa kidole gumba kwenye alama aliyochora ukingoni kwa chaki. Mita 7 na sentimita 40.

"Nani kateka leo, Mama?"

"Hakuna, Fundi. Nimefunga kufuli tangu jana magharibi."

Ndilo jibu alilokuwa analitaka. Maji yaliyokaa usiku kucha bila kuguswa yeye huyaita maji yaliyolala, na kipimo chochote cha kisima huanzia hapo. Asingeulizwa mwenye kisima, na kumbe watoto walishachota ndoo 20 alfajiri, hesabu yote ya siku ingekuwa imepinda kabla haijaanza.

Tulikuwa Singida, kando ya mbuga, mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimeisha na mtama umeanza kukomaa. Kisima kilikuwa na miaka michache. Kimechimbwa kwa mkono hadi mita 12, kikajengewa pete za zege, zile ambazo wengine huziita makaravati, zenye upana wa mita 1.2 kwa ndani. Maji yalikuwa na kimo cha mita 4.6. Mwenye kisima alitaka kununua tangi na kulima mchicha na nyanya, na swali lake lilikuwa fupi: maji haya yatatosha? Mtu mwingine angechungulia, angeona maji yanameta pale chini, angesema yapo tele. Fundi hakusema neno. Alipiga hesabu kwenye kipande cha karatasi ya saruji: kisima cha upana ule hubeba lita 1,130 hivi kwa kila mita ya kimo. Mara 4.6, ni zaidi kidogo ya lita 5,200. "Hiyo ni akiba," akasema. "Akiba siyo mshahara. Leo tunatafuta mshahara."

Kijana wake alishusha pampu ya kuzamisha hadi nusu mita juu ya sakafu ya kisima, jenereta ikaachwa mbali, upande upepo unakoelekea. Nilimwuliza kwa nini hawakuja na ile pampu ya petroli ya kuvuta kutoka juu, ambayo kila fundi anayo. Akanieleza kwamba pampu ya juu haivuti maji. Inanyonya hewa tu, na uzito wa hewa iliyoko nje ndio unaoyasukuma maji kupanda mpirani. Usawa wa bahari hewa inaweza kuyapandisha mita 10 na kidogo kwa hesabu, na kama 7 kwa vitendo. Singida iko juu, karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hata hizo 7 ni za kubahatisha. Kisima kingeshuka kidogo tu, pampu ingeanza kukohoa, na sisi tungedhani maji yamekwisha.

Saa mbili kamili pampu ikawashwa. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 12, fundi akaipima mara tatu kwa saa ya simu na kuridhika: lita 100 kwa dakika. Maji yalielekezwa kwenye mfereji hadi mbali bondeni, kwa sababu yakimwagwa karibu hurudi chini na kukidanganya kisima. Kila dakika kumi kopo likashuka na kulia, na yeye akaandika.

Saa mbili na dakika 10: mita 8.25. Na dakika 20: mita 9.02. Na dakika 30: mita 9.73. Na dakika 40: mita 10.38.

Nikamwambia, maji yanakwisha. Akanigeuzia karatasi. "Soma tofauti, siyo namba." Nikasoma. Dakika kumi za kwanza maji yalishuka sentimita 85, za pili 77, za tatu 71, za nne 65. Pampu haikupunguza kasi hata kidogo, lakini mshuko ulikuwa unapungua. Kisima kingekuwa tangi lililozibwa pande zote, kingeshuka sentimita 88 kila dakika kumi bila kukosea. Dakika kumi za mwanzo kilikuwa karibu tangi kweli: katika lita 1,000 tulizovuta, kama 40 tu ndizo zilizoingia kutoka ardhini. Dakika kumi za nne ziliingia zaidi ya 260. Ardhi ilikuwa imeanza kulipa.

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tunadhani kisima kina mshipa wa maji unaobubujika wakati wote, sawasawa na bomba lililoachwa wazi. Hakuna mshipa. Kisima kilicholala hakipokei kitu. Maji ya ndani na maji ya udongo unaokizunguka yako usawa mmoja, hakuna yanayoyasukuma mengine. Yakishushwa ya ndani, ndipo ya nje yanapata mteremko wa kushukia. Mteremko ukiwa mkubwa, yanaingia kwa kasi zaidi. Mhandisi wa Kifaransa Henry Darcy alilithibitisha jambo hilo mwaka 1856, akipitisha maji kwenye nguzo za mchanga kwa ajili ya maji ya mji wa Dijon: mwendo wa maji mchangani hufuata tofauti ya kimo. Fundi wetu hajamsikia Darcy. Anasema, "Kisima hakikupi mpaka ukidai."

Na anajua pia kwamba udongo hautoi sawa kila mahali. Maji ya karibu na ukuta huingia kwanza, kisha ya nyuma yake huyafuata, na usawa wa maji ardhini huinama kuelekea kisimani pande zote mfano wa faneli. Pampu ikiendelea, faneli hiyo hupanuka. Ikikutana na faneli ya kisima cha jirani, vyote viwili hushuka. Watu wawili wakaanza kuoneana vijicho, kila mmoja akidhani mwenzake ana mkono mbaya.

Saa mbili na dakika 40, mshuko ukiwa umefika kama mita 3, fundi alishika koki. Sehemu hii niliipenda kuliko zote. Hakuzima pampu. Aliibana koki kidogo, akapima kwa kopo, maji bado yanashuka. Akabana tena, nywele moja tu. Maji yakapanda sentimita mbili. Akaachia kidogo. Robo saa nzima alicheza na koki ile kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima, mpaka kopo likalia palepale mara tatu mfululizo: maji hayashuki wala hayapandi. Ndipo akaweka ndoo. Sekunde 40. Lita 30 kwa dakika, yaani kinachotoka ndicho kinachoingia, na kila mita ya mshuko inamletea lita 10 kwa dakika.

Huo ndio mshahara.

Kabla ya kuzima, alikinga maji ya mwisho kwenye glasi na kuiweka juani. Baada ya dakika chache tukaona chini yake utando mwembamba wa vumbi, haufiki unene wa ukucha. Akautia kidoleni, akausugua kwa kidole gumba. "Huu ni udongo tu. Ningesikia chenga, ningesimamisha mapema." Maji ya ndani yakishushwa haraka mno, maji ya nje huingia kwa nguvu na kubeba mchanga. Mchanga ukitoka nyuma ya pete, pete inabaki imesimama juu ya pango. Kisima kinaweza kuvutwa vizuri mwezi mzima na kutitia siku moja.

Saa tatu kamili jenereta ikazimwa, na ukimya ukaturudia. Kijana akaanza kukunja nyaya. Nilidhani kazi imekwisha, nikaulizia chai. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anakaa kwenye kigoda.

Kurudi kwa maji ndiko anakokuamini kuliko yote. Pampu inaweza kumdanganya: umeme hupanda na kushuka, ndoo hubonyea na kupungua ujazo. Maji yanayorudi hayana mtu anayeyasukuma. Anachotafuta ni muda mmoja tu, muda wa nusu: maji yameshuka mita 3, je, yatachukua dakika ngapi kurudisha mita moja na nusu? Akawa anapima kila dakika tano, baadaye kila kumi, baadaye kila robo saa. Katikati ya vipimo hakuzungumza sana. Alichonga mpini wa kijembe kwa kipande cha chupa, vumbi la mti likimdondokea magotini, na kila mara alijua wakati umefika kabla sijaangalia simu.

Nusu ya kwanza ilirudi saa nne na dakika 18. Dakika 78. Kama hesabu ingekuwa safi, nusu ya nusu iliyobaki ingechukua dakika 78 nyingine, kwa sababu kadiri maji ya ndani yanavyopanda ndivyo mteremko unavyopungua na maji ya nje yanavyolegea. Lakini ilikuwa saa tano na dakika 45 ndipo ilipotimia, na saa saba u nusu bado zilikuwa zimebaki sentimita 40. Mwisho wa safari huwa mrefu zaidi ya hesabu kwa kuwa ardhi yenyewe inajaza faneli yake kwanza. Inalipa deni lake ndipo iongeze kisimani. Tulipoondoka saa kumi kopo lilisema mita 7.55. Alfajiri yake, baada ya usiku wa kufuli, mita 7.41.

Kwa mwenye kisima alizigeuza namba hizo kuwa ndoo. "Mama, ukivuta tangi lako la lita 2,000 asubuhi, utaona maji yameshuka kama mita moja na nusu. Usiguse. Ukivuta tena alasiri, utayakuta yamesharudi karibu yote. Hiyo ni kwa sasa. Mwezi wa kumi niite tena, usinunue mabomba ya bustani kwa maji ya mwezi wa tano."

Nilicheka kimoyomoyo, kwa uchungu kidogo. Kwetu tulichimba kisima mwezi wa Aprili. Mtu aliyetuchimbia alifika kwenye maji, akaingia mita moja zaidi, maji yakamfika kiunoni, tukachinja jogoo. Agosti kilikuwa shimo lenye vyura. Hakutuibia, alichimba mpaka kwenye maji kama tulivyomwomba. Hakuna aliyemwuliza maji hayo yatakuwa wapi baada ya miezi minne.

Singida hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hutiririka au hunywewa na mimea na jua. Kiasi kidogo, hasa katika siku za mvua kubwa mfululizo, ndicho kinachopenya chini ya mizizi na kufika kwenye maji ya ardhini. Kuanzia Mei mlango huo umefungwa, lakini milango ya kutokea iko wazi: maji huendelea kuteremka polepole kuelekea mbugani, miti yenye mizizi mirefu huyanywa, na visima huyachota. Ardhi inakuwa sponji ambayo hakuna anayeilowanisha, na usawa wa maji hushuka mwezi hadi mwezi hata kama hakuna aliyegusa ndoo.

Tulirudi wiki ya pili ya Oktoba. Mbuga ilikuwa kijivu, na pale kisimani foleni ya ndoo ilikuwa imezunguka mti. Kufuli likafungwa magharibi, na alfajiri kopo lililia kwenye mita 9.90. Maji yalikuwa yameshuka mita mbili na nusu tangu Mei, kimebaki kimo cha mita 2.1.

Hesabu ya harakaharaka ingesema kisima kimebakiza karibu nusu. Fundi aliweka pampu ile ile, akabana koki ile ile. Aliposhusha maji mita 1.6 na kuyasimamisha, ndoo ilijaa kwa dakika tatu. Dakika tatu, mahali ambapo Mei ilikuwa sekunde 40. Akiba ilipungua zaidi ya nusu kidogo, mshahara ukapungua zaidi ya mara nne.

Sababu ziko mbili na zinazidishana. Ya kwanza, hakuna tena nafasi ya kushusha: Mei uliweza kushusha mita 3 na bado pampu ikaogelea, sasa 1.6 ndiyo mwisho. Ya pili, na hii huwa haionekani, ni kwamba mlango wenyewe umekuwa mdogo. Maji huingia kupitia unene wa udongo uliolowa. Mei ulikuwa unene wa mita 4.6 kuzunguka kisima. Oktoba ni 2.1. Kila mita ya mshuko sasa inaleta chini ya nusu ya kile ilichokuwa inaleta. Na muda wa nusu ukawa zaidi ya saa mbili na nusu.

Ndiyo maana foleni ile ilikuwa na tabia ya ajabu niliyokuwa nimeiona miaka mingi bila kuielewa. Akina mama wa alfajiri huondoka na ndoo zao haraka, kama ndoo 90, kwa sababu wanachota akiba ya usiku. Wa 91 anakuta kamba inarudi na ndoo iliyojaa robo na tope. Kuanzia hapo kila ndoo ni dakika tatu, hata mkono uwe na nguvu kiasi gani. Waliochelewa hunung'unika kwamba wa mwanzo wamemaliza kisima. Hawajakimaliza. Kimeacha kuwa mtungi, kimebaki kuwa chemchemi ndogo.

Kulikuwa na jambo jingine la kuhakikisha kabla ya kushika sururu, kwa maana visima vingi vinavyodaiwa kukaushwa na jua vimezibwa tu. Fundi alinipa kipimo chake, na nakiandika kama alivyosema. Kama maji ya alfajiri yako chini kuliko alfajiri za miezi iliyopita, ni ardhi imeshuka. Kama maji ya alfajiri yako palepale lakini yanashuka kwa kasi na kurudi kwa kuburuta, basi ardhi ina maji na kisima ndicho kimeziba: matundu ya pete yamejaa udongo, au sakafu imepandwa na mchanga. Aliteremsha mti mrefu wenye alama, ukagota sakafuni kwenye mita 11.9. Tope la sentimita kumi katika miaka yote hiyo. Kisima kilikuwa safi. Dawa ilikuwa ni kushuka.

Mwenye kisima alipendekeza kipanuliwe. Lilikuwa wazo la busara kwa mtu anayefikiria tangi, na fundi hakulipuuza. Alichora duara mbili mchangani. Ukiongeza upana mara mbili, akiba inakuwa mara nne, lakini maji yanayoingia yanaongezeka kidogo tu, kwa kuwa yanatoka kwenye ardhi ile ile, yenye unene ule ule, yakipita udongo ule ule. "Utapata mtungi mkubwa unaochelewa kujaa, Mama. Mita mbili za chini zitakupa zaidi ya hapo."

Aliteua mwisho wa kiangazi kwa makusudi. Kisima huchimbwa wakati maji yako chini sana, kazi ikiwa ngumu kwa mwenye kazi na rahisi kwa pampu, ili mita unazoongeza ziwe mita za kweli.

Magogo matatu yalisimamishwa juu ya mdomo, yakafungwa kichwani, winchi ya mnyororo ikaning'inizwa katikati na roda pembeni yake. Kila asubuhi kabla ya mtu kushuka, koroboi iliyowashwa ilitangulizwa hadi chini na kuachwa dakika kadhaa. Ikizimika, hakuna anayeshuka. Lakini fundi hakuiabudu koroboi. Moto huonyesha kupungua kwa hewa safi tu. Moshi wa injini unaweza kumuua mtu pembeni ya koroboi inayowaka vizuri. Kwa hiyo katika kazi zake injini ya petroli haiteremshwi kisimani kamwe, hata kwa dakika moja, hata iwe mvua ya mawe juu. Anayeshuka hufungwa kamba kifuani, na anayeishika juu haruhusiwi kushika kitu kingine.

Pete mpya tano zilikuwa zimemwagwa wiki tatu nyuma na kulowanishwa kila siku chini ya magunia. Upana wa ndani ni sentimita 90, kimo nusu mita, ukuta sentimita saba na nusu. Hivyo zinapita ndani ya zile za mwanzo na kubakiza mwanya wa kupitisha vidole. Zege lake halina mchanga, ni kokoto ndogo na saruji tu, na ukimwagia maji juu yanatokea upande wa pili. Ya chini kabisa, yenye zege zito, ukingo wake ulikuwa umechongwa mfano wa shoka.

Kila pete ni zaidi ya kilo 200. Iliposhuka kwa mnyororo, fundi alikuwa chini tayari, akiipokea kwa viganja viwili na kuizungusha kidogo mpaka ikae. Kisha akaweka timazi. Ndipo kazi ikaanza: hachimbi katikati akaacha pembeni, wala pembeni akaacha katikati. Anafukua katikati kwanza, kisha anachuchumaa na kukwangua chini ya ukingo kwa kijembe kifupi, kiganja kimoja huku, kiganja kimoja ng'ambo, akizunguka kama anayemega ugali wa moto. Pete hukaa kimya. Halafu hulia kidogo, mkwaruzo mfupi, na kushuka sentimita tano kwa uzito wake. Timazi tena. Ikiwa imelala upande mmoja hata kwa unene wa kidole, anachimba upande ulioko juu mpaka isawazike. Pete iliyokwama ikiwa imepinda hakuna mnyororo utakaoinyoosha.

Ndoo zilizopanda juu zilikuwa zinasimulia ardhi. Mwanzo udongo mzito wenye chokaa ya kijivu, ule unaobana maji. Kwenye mita 12 na nusu ukaanza kuja mwepesi, chenga za jiwe jeupe na vipande vya ulanga vinavyong'aa. Ni graniti iliyooza. Mafundi huiita jiwe bovu. Juu, graniti ikioza sana hugeuka udongo wa mfinyanzi. Chini zaidi, karibu na mwamba mzima, imeoza nusu tu, ina nyufa na chenga, na hapo ndipo mara nyingi maji hupita vizuri kuliko kote. Fundi alinirushia bonge moja. Lilikuwa baridi, na lilipovunjika viganjani mwangu ndani yake kulikuwa na maji.

Siku ya sita walifika mita 14, pampu ikiwa inavuta kwa vipindi ili miguu isielee. Sakafu ikawekewa tabaka tatu: mchanga mnene chini, kokoto ndogo katikati, kokoto kubwa juu. Mpangilio ni kinyume cha chujio la nyumbani, kwa sababu hapa maji yanatoka chini kwenda juu, na tabaka laini ndilo linalopaswa kuzuia udongo kwanza. Kwenye mwanya kati ya pete za zamani na mpya wakamimina kokoto kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, bila kumwaga.

Kikalala usiku mbili. Kopo likalia kwenye mita 10.00, sentimita kumi chini ya kabla hatujaanza, kwani ardhi haikutusubiri. Kimo sasa kilikuwa karibu mita 4. Pampu, koki, kopo, glasi juani. Maji yaliposimama yakiwa yameshushwa karibu mita tatu na nusu, ndoo ilijaa kwa dakika moja badala ya tatu. Fundi alichukua brashi na rangi nyekundu akaandika ndani ya mfuniko wa chuma: mwezi, kina, maji ya alfajiri, ndoo kwa dakika. Chini yake aliacha nafasi ya mistari mingi.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Novemba, watu wakashangilia, na watoto wakakimbilia kisimani kuona kama kimejaa. Mwenye kisima alipima mwenyewe kwa kopo alilotengenezewa. Maji yalikuwa yameshuka sentimita nane zaidi. Udongo mkavu wa juu ulikuwa unakunywa kwanza, na kisima kiliendelea kushuka hadi wiki ya kwanza ya Januari.